Kulinganisha Profoma za Ukumbi na Chakula cha Harusi

Kamati ya harusi ya mdogo wangu hapa Mtwara ilipokea makadirio mawili kwa ajili ya wageni 250. Ukumbi wa Shangani ulitaka shilingi 28,000 kwa kila mgeni, chakula, ukumbi na vinywaji vikiwa humo humo. Ukumbi wa Mikindani ulitaka shilingi 1,200,000 bila chakula, na mpishi wa kutoka nje alitaka shilingi 16,000 kwa sahani. Mjumbe mmoja alipiga hesabu papo hapo, akapata milioni 7 kwa Shangani na milioni 5.2 kwa Mikindani, akashauri tulipe malipo ya awali jioni ile ile. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu, niliomba kwanza tuandike orodha yetu wenyewe ya mahitaji, kisha kila profoma ijazwe kwenye orodha hiyo hiyo, kwani profoma huandikwa na muuzaji, naye hutaja alichonacho na kunyamazia asichonacho.

Shangani palikuwa na pengo moja tu, lakini kubwa: chini kabisa, kwa maandishi madogo, bei ilitajwa kuwa haina VAT. Ukiongeza asilimia 18, kila mgeni anafikia shilingi 33,040 na jumla inakuwa 8,260,000.

Mapengo ya Mikindani yalikuwa mengi na madogo madogo. Mpishi hakuwa amesajiliwa kwa VAT, kwa hiyo bei yake ilibaki ilivyo, lakini ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vyenye vitambaa, meza, sahani na vijiko, wahudumu, pamoja na soda moja na maji kwa kila mtu vilitugharimu, kwa bei tulizouliza mjini, wastani wa shilingi 5,000 kwa mgeni. Juu yake kulikuwa na jenereta pamoja na dizeli yake shilingi 250,000, usafi na ulinzi 150,000, na ada ya shilingi 300,000 ambayo ukumbi humtoza anayeleta mpishi wake. Ada hiyo haikuandikwa popote. Tuliijua kwa sababu tuliuliza.

Chakula chenyewe nacho hakikulingana. Shangani waliorodhesha pilau, wali, kuku na samaki wa kukaanga. Mpishi wetu aliorodhesha pilau, nyama na kachumbari. Tulimwomba atoe bei ya vitoweo viwili, akapandisha sahani hadi shilingi 19,000. Hapa inafaa kuuliza kuku mmoja anakatwa vipande vingapi na kila mgeni anapewa vingapi, maana kuku aliyekatwa vipande 8 na aliyekatwa vipande 12 wote huandikwa "kuku" kwenye karatasi.

Baada ya kusawazisha yote hayo, Mikindani ilifika shilingi 7,900,000. Tofauti iliyoonekana ya milioni 1.8 ilikuwa imebaki shilingi 360,000.

Wengi huishia hapo, nami naona ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu idadi ya wageni haitabiriki, hasa michango inaposuasua kabla ya minada ya korosho kuanza. Tenganisha gharama zinazofuata idadi ya watu na zile ambazo zitalipwa hata wakija watu kumi. Mikindani, shilingi 1,900,000 zilikuwa za kulipwa kwa vyovyote vile, yaani ukumbi, ada ya mpishi, jenereta, usafi na ulinzi, na kila mgeni aliongeza shilingi 24,000. Shangani hapakuwa na gharama ya kudumu, ila kila mgeni aliongeza 33,040. Ukijaribu wageni 200, Mikindani inakuwa shilingi 6,700,000 na Shangani 6,608,000. Hivyo wageni wakipungua chini ya 210 hivi, ukumbi uliodhaniwa ghali ndio unaokuwa nafuu.

Wajumbe walipoiona hesabu hiyo walianza kuelekea Shangani, maana kadi nyingi tulizotoa zilikuwa za watu wawili na si kila mwenye kadi huja na mwenzake. Nikapiga simu kuuliza kima cha chini cha wageni wanaotozwa. Msimamizi alijibu kwamba ni 230, waje wasije. Maana yake ni kwamba hata kwa wageni 200 tungelipa shilingi 7,599,200, karibu laki tisa zaidi ya Mikindani. Tuliomba kima hicho kishushwe hadi 200, naye kwa heshima zote akakataa.

Tulilipia Mikindani. Katika mkataba wa mpishi tuliandika kwamba idadi ya mwisho itatajwa siku tano kabla ya sherehe, kwamba sahani itakayoongezwa baada ya hapo italipwa kwa bei ile ile ya shilingi 19,000, na kwamba chakula kitakachobaki ni mali ya familia.