Kisu cha kuzunguka kinakunja karatasi

"Wakuu, nimefunga sevo ya kisu kwa gia ya kielektroniki, inafuata enkoda ya konveya. Urefu unatoka sawa 500 mm, ila karatasi inajikunja pale kisu kinapogusa. Nini tatizo?"

Mkuu, kama mzingo wa kisu chako ni 400 mm, tatizo liko hapo. Gia inashika uwiano mmoja mzunguko mzima: mkanda ukienda 500, ncha ya kisu inaenda 400. Maana yake wakati wa kukata kisu kina asilimia 80 tu ya mwendo wa karatasi, kwa hiyo kinaizuia, na ya nyuma inasukuma. Gia peke yake inafaa pale tu urefu wa kipande unapolingana na mzingo.

Badala ya gia weka kamu ya kielektroniki, yaani jedwali linalobadilisha uwiano ndani ya mzunguko. Chukua nyuzi 90 kuzunguka sehemu ya kukata, yaani 100 mm za ncha, hapo kisu na mkanda viende kwa mwendo mmoja. Zinabaki 300 mm za kisu dhidi ya 400 za mkanda, wastani 0.75, kwa hiyo huko juu kisu kinapunguza mwendo kisha kinaukamata tena kabla ya kugusa. Sehemu hiyo ya kamu iunge kwa polinomia ya daraja la 5. Mistari iliyonyooka itakupa mshtuko kwenye viungio, utausikia kwenye giaboksi.

Halafu enkoda isikae kwenye shafti ya mota, mkanda ukiteleza haitajua. Iweke kwenye gurudumu la kupimia linalogusa karatasi yenyewe. Vipande vyote vikizidi kwa kiasi kilekile, rekebisha mzingo wa gurudumu kwenye programu, kamu usiiguse.