Bismillah kwenye mfuko wa duka? Mkuu, usichape!

"Wakuu, nina duka la viatu Lindi mjini, mimi ni Mkristo. Nataka kuchapa mifuko ya Idd yenye Bismillah kwa Kiarabu na picha ya Kaaba. Punguzo liwe asilimia ngapi, na tangazo niweke redioni au Facebook?"

Mkuu, mpigie mchapaji sasa hivi asimamishe kazi. Mimi pia Mkristo, nauza nguo za watoto Mtwara, na mifuko ya aina hiyo ilinilia faida ya msimu mzima.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watu wanaitumia mifuko mbadala mpaka ichakae. Leo umebeba gauni la Idd, kesho samaki wanaochuruzika, baadaye unaning'inia msalani, mwisho jalalani. Sasa Bismillah ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, na Waislamu hawaingii nalo chooni wala hawalitupi takatakani. Karatasi yenye aya ikichakaa huzikwa mahali safi au huchomwa kwa adabu.

Mzee mmoja alinirudishia wake umekunjwa vizuri, akauweka kaunta. "Mwanangu, huu nikishamaliza kuutumia nikautupe wapi?" Hakufoka. Afadhali angefoka! Ilibidi nimfuate imamu wa mtaani, tukaichoma yote iliyobaki, na kila aliyerudisha wake nikampa mfuko usio na maandishi.

Na yule fundi wa michoro aliyeniapia "bosi, Waislamu wataipenda hii"? Kiarabu chenyewe hajui! Kakopi mtandaoni, kompyuta yake haiungi herufi, zikatoka mojamoja tena zimegeuzwa zianzie kushoto. Hata asiyejua kusoma angegundua: herufi tatu za kwanza za Bismillah, upande wa kulia, hushikana. Zikisimama kila moja kivyake, imeharibika. Watoto wa madrasa walinichekea mlangoni. Kumdai hela, eti mimi ndiye niliyeidhinisha. Sawa, mimi zuzu, ila zuzu aliyelipa.

Wala usidhani kuirekebisha ndiyo dawa. Ikiandikwa sahihi ndiyo balaa zaidi, maana sasa inasomeka. Jina la Mungu, aya na Kaaba visikae kwenye kitu kitakachoishia jalalani, basi. Hata sisi, nani angependa picha ya Yesu ibebee dagaa?

Andika "Tunawatakia Waislamu wote Idd njema" kwa herufi zetu hizi, weka mwezi mwandamo au kandili. Tarehe usiandike, mwezi haufuati ratiba ya mchapaji. Kisha mwonyeshe Mwislamu mtu mzima mfuko wenyewe mkononi, usimtumie picha kwenye simu. Kwenye simu kila mtu atakwambia "safi sana", kwa sababu hakuna anayefikiria samaki.

Kama umeshatoa advansi, mwambie abadilishe maneno na mchoro tu. Jina la duka likiwa na fremu yake ya kuchapia, gharama haitaongezeka sana.