Kodi imepanda sokoni: je, umpandishie mpangaji wako?

Taarifa yenu inasema kodi zimepanda kwa asilimia 10. Nami nipandishe hivyo mkataba ukiisha?

Si lazima. Asilimia hiyo imetokana na nyumba zinazotangazwa sasa, yaani kile wenye nyumba wanachoomba. Kinachotiwa saini baada ya kupatana mara nyingi huwa chini kidogo, na wapangaji wa zamani huwa wanalipa chini zaidi ya hapo.

Tuseme unapokea 100 kwa mwezi, kwa fedha yoyote ile. Unaomba 110, mpangaji anahama, nyumba inakaa tupu miezi miwili. Umepoteza 200. Mpangaji mpya anakuongezea 10 kila mwezi, kwa hiyo itabidi akae miezi 20 ndipo ufidie pengo hilo, na hapo sijahesabu rangi wala ujira wa dalali. Ungeomba 105 na wa zamani akabaki, mwaka ungeisha ukiwa na 60 za ziada bila usumbufu.

Mimi mlipaji mzuri ningemwachia nafuu hiyo. Ila kodi yake ikiwa imeachwa mbali sana na soko, ningeisogeza kwa hatua na kumpa taarifa mapema, baada ya kuhakikisha mkataba na sheria vinaruhusu.

Mnasema mahitaji ni makubwa. Mbona yangu ina wiki kadhaa na haijapata mtu?

Angalia watu wanakwamia wapi. Kama hata simu hazipigwi, shida ni bei au picha za tangazo. Hawajaiona nyumba yenyewe, kwa hiyo usikimbilie kubadilisha vigae. Kama wanakuja kwa wingi na kuondoka kimya, wamekuta kitu ambacho tangazo halikusema: maji, unyevu ukutani, kelele za jirani. Muulize dalali walisema nini wakitoka, maana kwako wewe wataficha kwa adabu. Na kama wanaikubali kisha wanapotea, tazama masharti. Amana kubwa pamoja na kodi ya miezi mingi kwa mkupuo humshinda hata mtu ambaye kodi ya mwezi anaimudu vizuri.

Ikibidi kushusha bei, shusha mara moja kwa kiasi kinachoonekana. Ukipunguza kidogo kidogo kila wiki, wanaofuatilia watasubiri ushuke tena.

Bei za nyumba zinapanda kuliko kodi. Niuze?

Nyumba ya 20,000 inayoingiza 1,200 kwa mwaka inakupa asilimia 6. Thamani ikifika 24,000 na kodi ikabaki ileile, inakuwa asilimia 5. Hujapoteza kitu; mtaji wako ndio umekua. Toa kwanza matengenezo, kodi za serikali na miezi ya utupu, kisha ulinganishe kinachobaki na kile ambacho fedha za mauzo, baada ya gharama za kuuza, zingekuletea kwingine. Kama hujui zitakwenda wapi, usiuze bado.