Dire au parler kwa Kifaransa? Tazama kinachofuata kitenzi

"Niliandika «Il m'a parlé que sa mère était malade», mwalimu akakata. Kwani parler si kusema?"

Mwalimu yuko sahihi. Parler hutaja tendo la kuongea tu, hakibebi maneno yaliyotamkwa. Ujumbe wenyewe, hasa penye que, hubebwa na dire: «Il m'a dit que sa mère était malade.» Ukiandika «Il m'a parlé de sa mère», umeeleza kwamba alikuzungumzia habari za mama yake, alichosema hasa bado hatukijui. Jina la lugha hukaa moja kwa moja baada ya parler: «Il parle français.»

Mtego unaotunasa zaidi sisi Waswahili umo kwenye "nilimwambia". Kwa sababu ya ile -m-, wengi huandika «je l'ai dit», kumbe hiyo ni "nilisema hilo". Dire hudai à kabla ya mtu anayeambiwa, kwa hiyo kiwakilishi chake ni lui: «je lui ai dit».

Mtu akikusimulia mkasa mwanzo hadi mwisho, tumia raconter: «Il m'a raconté son accident.» Discuter ni ya watu wanaojadiliana: «Nous avons discuté du prix.»