Kipeo cha 4, derivativu ya tatu: fomula ya Cauchy ilivyonikosesha alama

Mwaka wa pili chuoni nilikosa swali la mtihani kwa sababu ya kipeo kimoja. Tulitakiwa kutafuta integrali hii kuzunguka duara |z| = 2, kinyume cha mwendo wa saa:

∮ e^(2z)/(z+1)^4 dz

Niliona 4, nikatafuta derivativu ya nne na kugawa kwa 4!. Nikapata 4πi·e^(−2)/3, nusu kamili ya jibu sahihi.

Fomula yenyewe ni hii:

∮ f(z)/(z−a)^(n+1) dz = 2πi·f⁽ⁿ⁾(a)/n!

Kipeo cha kwenye asili ni n+1, kwa hiyo 4 inamaanisha n = 3. Siku hizi naandika n = 3 pembeni ya karatasi kabla sijagusa kitu kingine. Hapa f(z) = e^(2z), na kwa kuwa asili ni z+1, a ni −1, si 1. Derivativu ya tatu ni 8e^(2z), ambayo kwenye −1 inatoa 8e^(−2). Zidisha kwa 2πi, gawa kwa 6, unapata 8πi·e^(−2)/3.

Kama una dakika mbili, hakiki kwa mfululizo. Andika e^(2z) kama e^(−2)·e^(2(z+1)), kisha uifumbue kwa vipeo vya (z+1). Kizidishi cha (z+1)^3 ni e^(−2)·8/6. Ukikizidisha kwa 2πi, jibu linarudi lile lile. Njia hii ingenionyesha kosa langu palepale ukumbini.

Ila hayo yote yanasimama kwa sababu −1 iko ndani ya duara. Chora duara kwanza, hata kwa mkono tu. Chukua hii:

∮ e^z/(z²(z−3)) dz

Kwenye |z| = 2, sifuri iko ndani na 3 iko nje. Basi (z−3) haitusumbui, tunaiingiza ndani ya f: f(z) = e^z/(z−3), ambayo ni analitiki kote ndani ya duara na kwenye mzingo wake. Kipeo ni 2, n = 1, na f′(z) = e^z(z−4)/(z−3)². Kwenye sifuri ni −4/9, hivyo integrali ni −8πi/9.

Ukipanua duara hadi |z| = 4, f hiyo haifai tena, kwa sababu inaharibika kwenye 3, ambayo sasa iko ndani. Usiilazimishe fomula. Zungushia kila nukta kiduara chake kidogo. Cha sifuri kinatoa −8πi/9 kama mwanzo; cha 3, ambako f sasa ni e^z/z² na n = 0, kinatoa 2πi·e³/9. Jumla yake ni 2πi(e³−4)/9.