Tangazo lililochoka: lipime kwanza, kisha ubadilishe picha

"Tangazo langu la picha lilileta oda vizuri kwa wiki tatu, sasa gharama ya kila oda imekaribia mara mbili na bajeti sijaigusa. Nitajuaje kwamba ni picha iliyochoka na si jambo jingine? Nibadilishe picha kila baada ya muda gani, na kikomo cha marudio nikiweke ngapi?"

Ndugu, kabla hujagusa picha, igawe gharama ya oda moja katika sehemu tatu zinazoiunda: bei ya kuonyeshwa mara 1,000, yaani CPM; sehemu ya maonyesho hayo inayobofywa; na sehemu ya waliobofya wanaonunua.

```
gharama ya oda = CPM ÷ (1000 × kiwango cha kubofya × kiwango cha kununua)
```

Sehemu iliyosogea ndiyo itakayokuambia pa kwenda. Ikiwa CPM peke yake imepanda na nyingine mbili zimetulia, mnada wa kununua nafasi za matangazo umejaa watangazaji, na picha mpya haitakusaidia sana. Ikiwa wanaobofya ni wale wale kwa kiwango lakini wanunuzi wamepungua, angalia ukurasa wa bidhaa, gharama ya usafirishaji au rangi na saizi zilizoisha. Ni pale kubofya kunapopungua ndipo tunaanza kuzungumzia uchovu. Hata hapo, kumbuka kwamba mnada wa Meta, kampuni ya Facebook na Instagram, hupima pia uwezekano wa mtazamaji kuchukua hatua, kwa hiyo picha isiyobofywa huweza yenyewe kuipandisha CPM kidogo.

Nitaeleza kwa kampeni ya mikoba ya kompyuta niliyoisimamia mwenyewe katika Meta, kwa sababu ilinifundisha mengi kuliko kampeni zangu zilizokwenda vizuri. Fedha nitazitaja kwa vizio tu. Wiki ya kwanza CPM ilikuwa 100, kiwango cha kubofya asilimia 1.8, na katika kila waliobofya 100 walinunua 5. Oda moja ilitugharimu kama 111. Wiki ya nne CPM ilikuwa 104, wanunuzi bado walikuwa 5 katika 100, lakini kubofya kulikuwa kumeshuka hadi asilimia 1.0, na oda ikafika 208. Karibu mzigo wote ulikuwa katika kubofya. Hapa ninazungumzia kubofya kiungo, ambako kwenye jedwali la matokeo la Meta huitwa "CTR (link click-through rate)". Safu ya "CTR (all)" huhesabu pia waliopenda, waliotoa maoni na waliofungua picha tu, nayo huweza kubaki juu wakati wanaokwenda dukani wanapungua.

Kushuka huko peke yake hakutoshi kuihukumu picha. Ni lazima uone watu wale wale wanarudiwa. Wiki ya kwanza tangazo lilionyeshwa mara 90,000 kwa watu 60,000, yaani wastani wa mara 1.5 kwa mtu. Wiki ya nne lilionyeshwa mara 87,000 kwa watu 29,000 tu, yaani mara 3. Bajeti ni ile ile na maonyesho ni karibu yale yale, lakini watu waliofikiwa wamepungua nusu. Hiyo ndiyo picha halisi ya uchovu, na ningeiamini kuliko safu ya Frequency, yaani wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameonyeshwa tangazo, ikisomwa peke yake.

Safu hiyo hupotosha kwa namna mbili. Ukiisoma tangu kampeni ianze, karibu daima hupanda, hata tangazo likiwa na afya. Ukiisoma kwa siku moja moja, hukaa karibu na 1 na kukutuliza bure. Mimi huisoma kwa vipindi vya siku 7 na kulinganisha kipindi na kipindi. Pia ni wastani: katika wale 29,000 wenye marudio 3, wapo walioliona tangazo mara moja, na wapo walioliona mara nane au tisa, na hao wa mwisho ndio wanaobonyeza kitufe cha kulificha.

Meta yenyewe hutoa onyo katika safu ya Delivery. "Creative limited" maana yake gharama ya matokeo imezidi ile ya matangazo yako ya nyuma, na "Creative fatigue" maana yake imefika mara mbili au zaidi. Onyo hilo ni la kweli, lakini linapima gharama, na gharama ni ya mwisho kuonyesha maumivu. Katika kampeni ile kubofya kulikwenda asilimia 1.8, 1.6, 1.3, kisha 1.0. Ningengojea gharama iwe mara mbili, ningepoteza wiki nzima. Tangu hapo huanza kuandaa picha mpya pale kubofya kunaposhuka kwa robo ya wiki ya kwanza iliyotulia, huku marudio ya siku 7 yakiwa yanapanda. Kwa mfano huu, ilikuwa wiki ya tatu. Kanuni hiyo inahitaji idadi ya kutosha. Hadi wiki hiyo tulikuwa na mibofyo zaidi ya 1,000 kwa wiki. Mwenye mibofyo 40 wiki hii na 30 wiki ijayo hajaona uchovu, ameona bahati tu.

Sasa swali gumu zaidi: je, picha imechoka, au hadhira imekwisha? Kwa macho yanafanana, ila tiba zake ni tofauti. Tulichofanya ni kuipeleka picha ile ile kwa hadhira mpya, tukiwaondoa waliokwisha kuliona tangazo na kushughulika na ukurasa wetu au duka letu, kisha tukapeleka picha mpya kwa hadhira ya zamani. Picha ya zamani ilipata asilimia 1.7 huko ugenini, kwa hiyo haikuwa mbovu. Ni wenyeji walioichoka. Kama picha mpya nayo ingebaki chini mbele ya hadhira ya zamani, ningesema hadhira imekwisha na kazi iliyobaki ni kuipanua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa katika kuamua nini ni "picha mpya". Tulibadilisha rangi ya nyuma na maneno ya kichwa, mkoba ukabaki mezani kwa pembe ile ile. Kubofya kulipanda hadi asilimia 1.2 kwa siku mbili, na kabla ya wiki kuisha kukarudi 1.0. Mtu anayepitisha kidole haraka hutambua umbo kabla ya kusoma neno, na umbo lilikuwa lile lile alilokwisha kulikataa. Mara ya pili tulibadilisha hoja yenyewe: video fupi inayoanza na maji yakimwagwa juu ya mkoba, kisha zipu inafunguliwa na kompyuta inatoka kavu. Tangazo la kwanza liliuza mwonekano. Hili liliuza ulinzi. Kubofya kukafika asilimia 1.9 kwa hadhira ile ile. Kwa hiyo ninapoagiza picha za kubadilishana, huomba zitofautiane katika tukio la sekunde ya kwanza, katika ahadi, na ikiwezekana katika aina, yaani picha moja, video na picha za kutelezesha. Tofauti tatu za kweli zinadumu kuliko nakala kumi za rangi.

Kosa la pili lilikuwa la uingizaji. Nilitupia matangazo sita mapya kwa pamoja ndani ya seti ile ile, yaani kundi la matangazo yenye hadhira moja. Kuongeza tangazo huhesabiwa kuwa mabadiliko makubwa, na seti hurudi katika kipindi cha kujifunza, ambacho huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki ili kitulie. Sisi tulikuwa tumeshuka hadi oda 43 kwa wiki, kisha nikazigawa kwa matangazo saba. Mfumo ulilirudia tangazo la zamani, kwa kuwa ndilo lenye historia, na mapya matano kati ya sita hayakupata hata nafasi ya kushindwa. Sasa huweka tangazo jipya moja au mawili katika seti yake yenye sehemu ya bajeti, na la zamani huliacha liendelee hadi jipya lioneshe gharama nzuri kwa wiki nzima. La zamani halifutwi, hupumzishwa. Lile la mkoba mezani tulilirudisha baada ya wiki sita likaanza na asilimia 1.5, ingawa lilichoka haraka kuliko mara ya kwanza.

Kuhusu muda wa kubadilisha, sina tarehe ya kukupa, kwa sababu muda hutokana na maonyesho unayonunua yakigawanywa kwa watu unaoweza kuwafikia. Hadhira baridi, yaani watu wasiotujua bado, ya ukubwa ule ilitupa wiki tatu hivi. Seti ya waliokwisha kutembelea duka ilichoka katika siku chache, na hapo ndipo kikomo cha marudio kinapoingia.

Katika Meta, kikomo unachokiweka mwenyewe kwa namba kipo katika kampeni za kujulikana, kwenye mipangilio ya seti. Mimi huanzia mara 2 kwa siku 7. Kampeni ya mauzo ya kawaida haina kitufe hicho, kwa hiyo kikomo unakijenga kwa hesabu. Seti yetu ya watembeleaji ilikuwa na watu 9,000 na bajeti iliyonunua maonyesho 72,000 kwa wiki: mara 8 kwa mtu, hata ukibadilisha picha kila siku. Tulirefusha dirisha la watembeleaji kutoka siku 14 hadi 30, watu wakafika 18,000, tukapunguza bajeti hadi maonyesho 54,000, na marudio yakashuka hadi 3. Waliokwisha kununua tuliwaondoa kabisa, kwa kuwa kumwonyesha mnunuzi mkoba aliokwisha kuulipia ni kumkera kwa fedha yako. Kwenye Google, kampeni za mabango na za video zinakuruhusu kuweka kikomo kwa siku, wiki au mwezi, na kwa mabango unaweza pia kuchagua kama kinahesabiwa kwa kampeni, kundi au tangazo moja. Matangazo ya utafutaji hayana haja hiyo, maana mtu huyaita mwenyewe kwa kuuliza.

Jihadhari na jambo moja: kikomo kilichowekwa kwenye seti hakijui seti za jirani. Mtu aliyemo katika seti tatu, kila moja ikiwa na kikomo cha mara 2, ataonyeshwa hadi mara 6, kwa hiyo zitenganishe hadhira kwa kuziondoa moja katika nyingine. Na ukikibana kikomo mno utaona dalili haraka: matumizi ya siku yanaanza kubaki chini ya bajeti na CPM inapanda, kwa sababu mfumo unalazimika kuwatafuta watu wachache wa bei ghali waliosalia. Hilo likitokea, panua hadhira kwanza, na ikiwa haipanuki, ongeza kikomo kwa mara moja kisha utazame siku 7 nyingine.