Jiwe la mita 20 na gari ya spidi 72: muda unapigwaje hapa?

Swali: Mkuu nisaidie. Jiwe limeachiwa toka mita 20 juu, linafika chini baada ya muda gani? Nimegawa 20 kwa 9.8 nimepata sekunde 2.04, kitabu kina 2.02, nadhani wamekata desimali. La pili, gari iko spidi 72, dereva anachelewa sekunde 1.5 kabla ya kukanyaga breki, breki zinapunguza mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Nimefanya 72 gawa kwa 7 jumlisha 1.5 napata 11.8, kitabu kinasema 4.4. Halafu hiyo 1.5 mbona kubwa hivyo? Mi nikidaka rula inayodondoka napata 0.2.

Jibu: Tuanze na jiwe maana hapo ndo kuna mtego mbaya. Hiyo 2.04 yako haijakaribia ya kitabu kwa sababu ya desimali, imekaribia kwa bahati tu, njia yenyewe siyo. Chukua njia hiyohiyo uiweke kwenye mita 80 uone: 80 gawa kwa 9.8 inakupa sekunde 8.16 wakati jibu sahihi ni 4.04, umekosea mara mbili nzima. Na hata bila kwenda kwenye mita 80 yuniti zingekwambia, kwa sababu 9.8 ni mita kwa sekunde kwa sekunde, ukigawa mita kwa hiyo unabaki na sekunde mara sekunde, siyo sekunde. Lazima kuwe na kipeuo cha pili mahali.

Fuata jiwe lenyewe linavyoanguka. Linaanza na spidi sifuri, baada ya sekunde moja limefika mita 9.8 kwa sekunde, kwa hiyo wastani wa hiyo sekunde ya kwanza ni nusu yake na jiwe limeshuka mita 4.9 tu. Sekunde ya pili linaanza na 9.8 linamaliza na 19.6, wastani 14.7, limeshuka mita 14.7 zingine. Jumlisha unapata mita 19.6 kwa sekunde mbili kamili, imebaki mita 0.4 na jiwe sasa linakimbia karibu mita 20 kwa sekunde, hiyo 0.4 inaisha kwa sekunde 0.02. Ndo hiyo 2.02 ya kitabu. Fomula inafanya kitu hichohicho kwa mkupuo mmoja:

```
t = √(2h/g) = √(2 × 20 / 9.8) = 2.02
```

Na bahati yako ilitokea wapi? Kwenye mita 19.6 kugawa moja kwa moja na fomula vinatoa sekunde 2 zilezile, wewe umepewa 20 ambayo iko jirani kabisa. Zaidi ya hapo njia yako inatoa muda mrefu mno, chini ya hapo inatoa mfupi mno. Uzito wa jiwe hauhusiki, ila fomula inadhani hewa haizuii kitu, kwa jiwe kwenye mita 20 hilo halisumbui lakini karatasi bapa usiipigie hesabu hivi.

Kabla hatujaingia kwenye gari nataka uone kitu kimoja. Jiwe linagonga chini likiwa na mita 19.8 kwa sekunde, zidisha kwa 3.6 unapata kilometa 71 kwa saa. Gari yako iko 72. Yaani hiyo gari ikigonga ukuta bila breki yoyote ni sawasawa na kuidondosha toka mita 20 juu, na mimi hesabu za breki napenda kuzisoma hivi, maana spidi 72 kwenye dashibodi inaonekana ya kawaida kabisa ila kimo cha mita 20 kila mtu anakiogopa.

Sasa gari. Hapa kosa lako ni moja tu, 72 ni kilometa kwa saa na hiyo 7 ni mita na sekunde, huwezi kuzigawanisha hivyohivyo. Gawa 72 kwa 3.6 unapata mita 20 kwa sekunde. Breki zinakula mita 7 kila sekunde, kwa hiyo 20 gawa kwa 7 ni sekunde 2.86, jumlisha 1.5 ya dereva unapata 4.36, kitabu kikaandika 4.4. Na hapa kugawa moja kwa moja ni halali kwa sababu umepewa spidi, kule kwenye jiwe ulipewa umbali, hiyo ndo tofauti.

Kuhusu rula, kipimo chako kiko sawa kabisa, rula ikishuka sentimita 20 kabla hujaidaka ni sekunde 0.2 kwa fomula ileile ya jiwe (weka 0.20, usiweke 20, la sivyo utapata sekunde 2). Ila angalia unachopima. Umekaa, vidole viko tayari pembeni ya rula, unajua kitakachotokea na unajua cha kufanya, kilichobaki ni kufunga vidole. Dereva hajui. Anaanza kuona kitu mbele, atambue ni nini, aamue anakanyaga breki au anakwepa, ndo mguu utoke kwenye pedali ya mafuta uhamie kwenye breki, na muda wote huo gari haijapungua hata kidogo. Hiyo 1.5 ni ya dereva aliye macho. Wanaosanifu barabara Marekani wanapigia sekunde 2.5 ili hata anayechelewa awe na nafasi.

Ukigeuza kuwa umbali ndo utaelewa kwa nini hiyo namba haichezewi. Usizidishe 20 kwa 4.36 ukaandika mita 87, wengi wanafanya hivyo, spidi ya 20 inadumu kwenye zile 1.5 za mwanzo tu. Hapo ni mita 30. Breki zikishika wastani ni nusu, mita 10 kwa sekunde, mara 2.86 ni mita 28.6. Jumla 58.6, zaidi ya nusu imeliwa kabla breki haijaguswa.

Tuseme kitu kimesimama mita 50 mbele. Dereva wa sekunde 1 anatumia mita 20 na 28.6, anasimama ikiwa imebaki kama mita moja na nusu. Wa sekunde 1.5 alikuwa anahitaji mita 8.6 zaidi ambazo hana, na hapo watu wanadhani atagusa kidogo tu. Piga hesabu: spidi yake anapofika kwenye kile kitu ni kipeuo cha pili cha 2 × 7 × 8.6, inakuja karibu mita 11 kwa sekunde, yaani kilometa 39 kwa saa. Ni sawa na kudondoka toka mita 6. Gari ileile, breki zilezile, tofauti ni nusu sekunde. Ni hivyo kwa sababu breki zinatoa spidi kidogo kwenye mita za mwanzo na nyingi kwenye mita za mwisho, ukikatwa zile mita chache za mwisho umekosa sehemu kubwa ya kazi.

Kama swali lako linalofuata lina lami yenye maji, kinachobadilika ni ile 7 tu, mfano wakikupa 4 breki zinachukua sekunde 5 na mita 50, ongeza 1.5 na mita 30 za dereva, jibu sekunde 6.5 na mita 80.